Chapati Haitaki Mchuzi wa Wali

Ukipita saa moja jioni kwenye vichochoro vya Woodley, kuanzia Barabara ya Joseph Kang'ethe hadi zile nyumba zilizo karibu na soko la Toi, harufu inayotoka madirishani ni moja: kitunguu kwenye mafuta ya moto, nyanya inafuata, halafu kijiko cha unga wa mchuzi wa pakiti. Sina ugomvi na harufu hiyo, nayo hutoka kwangu pia. Ugomvi wangu ni kwamba mchuzi huo huo mwekundu ndio unaopikiwa nyama Jumatatu, ndengu Jumanne, minji Jumatano na samaki Alhamisi, kisha tunashangaa watoto wakisema "Tena?" mbele ya chakula ambacho jana hakikuwepo mezani. Kwa ulimi wao kilikuwepo.

Wengi hutafuta dawa ya uchovu huo sokoni. Wananunua uyoga, wananunua kuku badala ya ng'ombe, wanarudi nyumbani na kuvitia vyote kwenye sufuria ile ile kwa utaratibu ule ule. Mimi nashauri swali la "leo tunapika mboga gani" lije la pili. La kwanza liwe: leo tunakula ugali, wali, chapati au matoke? Kila kimoja kati ya hivi vinne hufika kwenye sahani na upungufu wake na ziada yake. Ugali huja bila chumvi na bila mafuta. Wali huja na nafasi katikati ya punje zake, na nafasi hizo hunywa. Chapati huja na mafuta na chumvi yake tayari. Matoke huja laini na yenye majimaji. Kazi ya mchuzi ni kuleta kile ambacho hakipo na kujizuia kuongeza kile ambacho kimeshajaa.

Nitaonyesha kwa ndengu, kwa sababu ndengu ndizo zinazopikwa kwa mazoea kuliko chochote Nairobi, na kwa sababu sufuria moja ya ndengu yaweza kutoa milo miwili isiyofanana hata kidogo.

Chukua kilo moja. Zichague vizuri, maana jiwe dogo la kijani hujificha humo, uzioshe na kuziloweka tangu asubuhi. Saa nne au tano zatosha. Mwaga maji ya kulowekea, tia maji mapya yazidi ndengu kwa urefu wa vidole vitatu, chemsha. Ndengu za msimu huu zitaiva kwa nusu saa hivi. Zilizokaa sana ghalani zitachukua saa nzima na bado utapata chache zinazogoma. Usitie nyanya, ndimu wala ukwaju kabla hazijalainika, kwa kuwa ukali huo hukaza ganda, nawe utachemsha mpaka gesi iishe. Zikiiva, zigawe nusu kwa nusu na uyahifadhi maji yake. Hakuna cha kumwaga hapo.

Nusu ya kwanza ni ya chapati. Kaanga kitunguu kwa kijiko kimoja cha mafuta, si vitatu, kwani chapati zenyewe zimekandwa na mafuta, zikapakwa mafuta zilipokunjwa, zikapakwa tena kwenye kikaango. Tia tangawizi na kitunguu saumu kilichopondwa, kijiko kidogo cha binzari nyembamba, nyanya mbili tu. Zikishalainika, mimina ndengu na maji yake kidogo, kisha uponde kama theluthi moja yake kwa mwiko kwenye ukingo wa sufuria. Hizo zilizopondwa ndizo zitakazofanya mchuzi ushikane bila unga wowote. Acha ichemke bila kifuniko. Utajua umefika ukivuta mwiko katikati ya sufuria na ule mfereji ukabaki wazi kwa muda wa kuhesabu moja, mbili. Chapati huchanwa kwa vidole na kuchotea, kwa hiyo mchuzi mwepesi huteremka kwenye kifundo cha mkono, na mbaya zaidi hulowesha zile tabaka ulizohangaika kuzikunja. Mwisho kamua nusu ndimu na ukatie dania. Ndimu hapa si pambo. Mafuta ya chapati huufunika ulimi, na kitu chachu ndicho kinachoufungua ili tonge la pili lionjeke kama la kwanza.

Nusu ya pili ni ya wali, siku mbili baadaye, kutoka kwenye friji. Hii usiiponde. Kaanga kitunguu mpaka kiwe laini bila kubadilika rangi, tia manjano kidogo na pilipili nzima isiyopasuliwa, rudisha ndengu pamoja na maji yake mengi, na zikishachemka tia kikombe cha tui la nazi. Ukikuna nazi mwenyewe, tui jepesi litangulie na tui zito lije mwisho, moto ukiwa mdogo, ukikoroga. Likichemka kwa nguvu hukatika na kuacha mafuta juu na chembechembe chini. La kopo la dukani halina shida nyingi ila ni zito, nalo hutaka kuongezewa maji. Nyanya usitie. Mfereji wa mwiko hapa unatakiwa ufunge papo hapo. Kwa vikombe viwili vya wali uliopikwa, pima kama kikombe kimoja cha mchuzi huu, punje zake zikiwemo.

Sahani yenyewe itakueleza kama umekosea. Baada ya dakika tano, kukiwa na ziwa chini ya wali, mchuzi umekuwa maji au umezidi. Punje za katikati zikiwa bado nyeupe na kavu huku ndengu zimerundikana juu, mchuzi ni mzito mno, na huyo mlaji ataomba maji ya kunywa kila baada ya vijiko vitatu. Ndiyo maana mchuzi wa chapati ukibakia na ukamwagwa kesho yake juu ya wali, kila mtu hula kwa adabu na hakuna anayeongeza.

Kuhusu wali wenyewe nina neno moja. Pishori ya Mwea ina harufu yake, na harufu hiyo ndiyo unayolipia. Ukiimwagia mchuzi wenye kitunguu saumu kingi na unga wa pakiti, umenunua pishori ukala mchele wowote. Pishori ipe michuzi ya kunong'ona: nazi, samaki kwa ukwaju, kuku wa kuchemshwa na tangawizi, minji mbichi. Michuzi yenye sauti kubwa, kama matumbo au nyama ya mbuzi yenye viungo vingi, iende na mchele wa bei nafuu au, vizuri zaidi, na ugali.

Na viazi? Hapa najua nitagusa wengi. Minji na waru na karoti juu ya wali ni chakula cha Nairobi kama ilivyo chai ya saa nne, lakini ukikitazama sahanini ni wanga juu ya wanga, na minji yenyewe ina wanga wake. Sisemi viazi vitolewe. Nasema kiazi kikiingia kwenye mchuzi, wali upungue kwa kiasi hicho hicho, na kando kuwe na kitu kinachotafunika: kachumbari, au kabeji iliyokatwa nyembamba ikanyunyiziwa chumvi na ndimu. Kwenye mchuzi wa chapati, kiazi kimoja cha kushikanisha chatosha. Kwenye mchuzi wa matoke sioni kinafanya nini kabisa.

Ugali una hesabu nyingine, nao unastahili kuelezwa polepole, maana ndio tunaoula mara nyingi zaidi na ndio tunaouonea. Ugali wa Kenya hupikwa kwa maji na unga, basi. Hauna chumvi ya kujitetea. Kwa hiyo kitoweo cha ugali lazima kibebe chumvi ya sahani nzima, na hapo ndipo wapishi wengi hujikwaa: wanaonja mchuzi kwa kijiko, wanaona umekolea, wanaridhika. Mezani unaonekana umepooza. Onja mchuzi pamoja na kitakacholiwa nao. Kwa ugali, chota kidogo cha ule unaopikika sufuriani, kichovye, ndipo uamue chumvi. Kwa chapati fanya vivyo hivyo na utakuta unapunguza. Jirani yangu mmoja alipoanza kufanya hivi aliniambia, "Kumbe miaka yote hii nilikuwa natia chumvi ya ugali kwenye mchuzi wa chapo."

Jambo la pili ni kwamba ugali hautoshelezwi na kitu kimoja. Unataka kitu cha majimaji cha kuchovya na kitu cha majani cha kushika. Sukuma wiki ikikaangwa vizuri, ikiwa imekatwa nyembamba na kutolewa motoni ikingali ya kijani, ni kavu, na mtu akila ugali na sukuma peke yake hufika nusu ya sahani akaanza kumeza kwa nguvu. Suluhisho la kawaida ni kutia nyanya nyingi mpaka sukuma ielee, nalo huharibu sukuma bila kuleta mchuzi. Afadhali sukuma ibaki kavu na ugali upate majimaji yake kwingine. Bakuli la supu ya mifupa latosha. Glasi ya maziwa lala yatosha pia, na kwa maoni yangu ugali, sukuma na maziwa lala ni mlo uliokamilika kuliko sahani nyingi zenye nyama: mafuta yako kwenye sukuma, uchachu uko kwenye maziwa, na protini ya maziwa inaziba pengo la mahindi.

Pengo hilo lipo kweli. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, moja ya zile asidi za amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Maharagwe, ndengu, kunde na kamande zina laisini ya kutosha, nazo hupungukiwa na methionini, ambayo nafaka inayo. Waliobuni githeri hawakuhitaji maabara kulijua hilo. Sasa, ugali na maharagwe ni mlo wa akili kwa upande wa lishe, ila mdomoni huwa mzito kwa sababu vyote viwili ni vya unga unga. Ukitaka kuvioanisha, maharagwe yafanye mepesi kuliko hata ya wali, yenye rojo inayotiririka, na pembeni weka mboga ya majani yenye uchungu. Mama mboga wa Toi akikuuliza unataka majani gani ya kuendea na maharagwe, mwambie managu au saga, si sukuma.

Managu yenyewe nadhani ndiyo inayofaa zaidi kwa ugali, ila ipikwe kwa subira. Chemsha majani yaliyochambuliwa kwa dakika kumi hivi, mwaga maji hayo ukiona uchungu umezidi, kaanga kitunguu, rudisha majani, kisha tia kikombe cha maziwa au vijiko kadhaa vya malai na uache moto mdogo uyanyweshe kwa dakika ishirini. Kisii na kwingineko Nyanza wengi huyalaza hadi kesho yake, na ya siku ya pili huwa bora. Hapo umepata kitoweo kilicho na majani na majimaji pamoja, tena hakina hata nyanya moja. Kiweke kando ya omena iliyooshwa kwa maji moto, ikakauka, ikakaangwa mpaka inakwaruza meno, na ikamaliziwa kwa kitunguu na ndimu bila maji. Ulaini wa managu unajibiwa na ukavu wa omena, na ugali uko katikati ukifanya kazi yake. Geuza mambo, omena ya rojo na managu ya rojo, nawe utakuwa na sahani ambayo kila kitu kinateleza.

Kutokana na omena hiyo mtu anaweza kuona jambo ambalo hutusaidia hata tusipokuwa na muda wa kufikiri: kwenye sahani yenye vitu viwili kando ya wanga, kimoja kiwe cha mchuzi na kingine kikavu. Mrenda unaoteleza uende na samaki wa kukaanga, kamwe usiende na samaki wa mchuzi. Matumbo ya rojo yaende na kabeji iliyotoka motoni ingali inakatika kwa meno. Nyama ikiwa kavu, ya kukaangwa na hoho na vitunguu, hapo ndipo kunde za nazi za Pwani hupata nafasi.

Matoke ndiyo yanayochanganya watu zaidi, kwa sababu Nairobi tumezoea kuyapika ndani ya mchuzi. Ndizi zinamenywa, zinatiwa kwenye nyama, nyanya na viazi, na zote zinachemka pamoja mpaka kingo zinaanza kuyeyuka. Hicho ni chakula kizuri, lakini ni wanga na mchuzi kwa mpigo mmoja. Ukikipakulia na mchuzi mwingine juu umekosea. Kinachokosekana humo ni kitu cha kutafuna na kitu kichachu, kwa hiyo kachumbari yenye pilipili, vipande vya parachichi na majani yaliyokaangwa haraka ndivyo vinavyofaa. Ndugu zetu wa Kilimanjaro wana machalari yao ya ndizi na nyama kwa mtindo huo huo, nao hawatafuti mchuzi wa pili.

Lakini ukiwa umechoka na matoke ya aina hiyo, kuna njia ya Uganda ambayo jikoni mwa Woodley inawezekana bila shida. Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya, maana utomvu wa ndizi mbichi hauoshwi kwa sabuni, na kila ndizi ukiimenya itie kwenye maji yenye ndimu isije ikawa nyeusi. Kampala huzifunga kwenye majani ya mgomba na kuzipika kwa mvuke. Usipopata majani, chujio la chuma juu ya sufuria ya maji yanayochemka, likifunikwa vizuri, litafanya kazi. Acha saa nzima, kisha zikiwa moto ziponde mpaka ziwe bonge moja la manjano. Bonge hilo halina mafuta wala chumvi, kama ugali, ila ni laini na lina utamu wa mbali. Sasa ndipo linapotaka mchuzi, na mchuzi wake ni wa njugu.

Saga njugu mbichi zilizokauka mpaka ziwe unga, au nunua zilizosagwa, ila hakikisha hazikutiwa sukari. Kikombe kimoja cha unga wa njugu kikoroge kwanza kwa maji baridi mpaka kusiwe na bonge, ndipo ufikishe maji vikombe vitatu na ubandike na kitunguu kilichokatwa na nyanya moja. Usikaange, mafuta yamo ndani ya njugu. Simama karibu kwa dakika kumi za mwanzo, kwa sababu mchuzi wa njugu hufurika ghafla kuliko maziwa na hushika chini ukiusahau. Moto ukiwa mdogo utachukua nusu saa. Umeiva pale ambapo harufu ya njugu mbichi imekwisha na matone ya mafuta yameanza kujitokeza juu. Tia chumvi wakati huo, si kabla, maana mchuzi hupungua na chumvi ikabaki. Kwa kuwa matoke ni laini na mchuzi ni laini, weka pembeni kabeji iliyokaangwa chapuchapu, au kipande cha samaki mkavu kilichochomwa.

Basi hebu tuipange wiki ya nyumba ya watu watano, tukianzia soko la Jumamosi. Kikapuni kuna kilo ya ndengu, kilo ya nyama yenye mifupa, gramu 500 za njugu, omena ya kutosha mlo mmoja, fungu la ndizi, kabeji moja, managu, sukuma, nyanya ambazo kwa makusudi si nyingi, ndimu kadhaa na ukwaju.

Jumapili kuna muda, kwa hiyo ni chapati na ndengu nzito, na kachumbari. Chai ya majani nashauri ingoje saa moja baada ya kula, ingawa najua chapati na chai ni marafiki wa zamani. Majani ya chai huzuia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo kwenye ndengu, ilhali ndimu na nyanya mbichi za kachumbari husaidia yanyonywe. Jumatatu ni ugali, managu ya maziwa na omena kavu. Jumanne wali na ile nusu ya pili ya ndengu, kwa nazi. Watoto waliokula ndengu Jumapili hawatazitambua. Rangi ni nyingine, uzito ni mwingine, na hata harufu.

Jumatano nyama yote inachemshwa na tangawizi na chumvi mpaka iachane na mfupa. Nusu inakaangwa kavu kwa vitunguu na hoho, inaliwa na ugali na sukuma, na supu iliyochemshiwa inapakuliwa kwenye vikombe, kila mtu na chake. Nusu nyingine inakaa kwenye friji pamoja na supu kidogo. Alhamisi ni matoke ya mvuke, njugu na kabeji. Ijumaa samaki wawili walionunuliwa siku hiyo wanakaangwa kidogo, wanaingizwa kwenye mchuzi mwepesi wa nyanya na ukwaju, na wali wa pishori unawangoja. Hii ndiyo mara ya kwanza wiki hii kwa mchuzi wa nyanya kuwa mwenyewe sahanini, na kwa sababu ulikuwa umepumzika utashangaa ulivyo mtamu. Jumamosi ile nyama iliyobaki inapikwa na supu yake na kiazi kimoja, nzito, kwa chapati.

Mpango huu una mahali unapokatika. Asiye na friji asihifadhi ndengu za siku mbili. Kibera na kwingineko jijini kuna akina mama wanaouza ndengu, maharagwe na githeri zilizochemshwa tayari kwa kikombe, na kununua za jioni hiyo ni nafuu kuliko kuchemsha kilo nzima na kuimwaga ikichacha. Uzichemshe upya kabla ya kuziunga. Wali uliobaki vilevile usilale mezani. Upoe haraka na uingie kwenye friji, kwa kuwa kuna bakteria kwenye mchele ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemka na huamka chakula kikikaa vuguvugu.

Tena kuna nyumba ambazo baba au shosho hataki kusikia habari ya wali usiku, ni ugali tu, siku saba kwa saba. Usishindane naye. Pika huo ugali wake siku ya ndengu za nazi, ila kabla ya kutia tui mtolee sehemu yake, uiongezee maji na chumvi, umwekee na majani. Wengine wataendelea na nazi yao na wali wao. Sufuria ni ile ile, na umetumia dakika tano zaidi.